Nyonga bandia inaposumbua: kutoka dalili hadi chanzo

Mwongozo huu ni wa mtu aliyewekewa nyonga bandia, kwa jamaa wanaomuuguza, na kwa mhudumu wa afya anayempokea kituoni kabla hajafika kwa bingwa wa mifupa. Malalamiko yanayokuja ni yaleyale: paja linauma ukiinuka, kiungo kinalia, nyonga imeteguka, kinena kimevimba. Lipo na la tano, ambalo mgonjwa halalamiki chochote ila picha imebadilika. Hilo, ambalo hapa chini ni Dalili ya 2, nimelipa nafasi kubwa kwa sababu ndilo linalomaliza mfupa wa watu kimyakimya.

Kabla ya yote: stika na picha ya kwanza

Kila kipande cha nyonga bandia huja na stika yenye aina, ukubwa na namba ya toleo, na stika hizo hubandikwa kwenye faili siku ya upasuaji. Omba kuziona, zipige picha kwa simu, zihifadhi. Bila stika, bingwa atakayekufungua miaka kumi na tano baadaye anaweza kulazimika kung'oa shina zima lililoshika vizuri, kwa kuwa tu hajui ni kichwa gani kinaingia juu yake.

Omba pia nakala ya eksirei ya wiki za mwanzo. Picha ya leo peke yake haisemi mengi. Ikiwekwa kando ya ile ya kwanza ndipo inasema nini kimesogea.

Ndani ya nyonga bandia kuna sehemu mbili za kuangalia. Ya kwanza ni pale panaposuguana: kichwa cha mviringo, cha chuma au cha seramiki, kinachozunguka ndani ya bitana ya kikombe, ambayo huwa ya plastiki ngumu ya polietilini, ya seramiki, au kwa nyonga za zamani kidogo, ya chuma. Ya pili ni pale panaposhikana na mfupa: shina ndani ya fupa la paja na kikombe kwenye fupa la nyonga, ama kwa saruji ya mfupa, ama kwa mfupa wenyewe kuota ndani ya vitundu vya uso wa chuma. Karibu kila dalili hapa chini hutoka katika mojawapo ya sehemu hizo.

Dalili ya 1: Hatua za kwanza zinauma, kisha maumivu yanapungua

Mgonjwa anasema: "Daktari, nikikaa sina shida. Nikiinuka, hatua tatu nne za mwanzo nachechemea, halafu inaachia." Muulize anyooshe kidole mahali panapouma. Akigusa paja, fikiria shina. Akigusa kinena, fikiria kikombe. Akigusa tako, au akasema maumivu yanashuka hadi chini ya goti, anza na mgongo, maana mara nyingi nyonga husingiziwa maumivu ya mgongo. Akigusa mfupa wa pembeni ambao hawezi kuulalia usiku, kano za pale zimewaka. Mazoezi na dawa za kawaida husaidia.

Mgongo na kano zikishaondolewa, sababu inayofuata ni shina au kikombe kulegea. Hapa lazima ujue kama kuna saruji au hakuna, kwa sababu picha husomwa tofauti.

Kwenye nyonga yenye saruji, tafuta mstari mweusi kati ya saruji na mfupa. Mstari mwembamba usiobadilika mwaka hadi mwaka si wa kutisha. Mstari uliopanuka kupita milimita 2, uliozunguka kikombe chote, au saruji iliyopasuka, ni dalili ya kulegea. Kuna jambo moja linalowakosesha hata wahudumu wazoefu: mashina laini yaliyong'arishwa, kama lile lililoanza kutumika Exeter, Uingereza, mwaka 1970, yametengenezwa yazame kidogo ndani ya saruji kama kabari inayojikaza. Kuzama kwa milimita 1 au 2 katika miaka ya mwanzo ni kazi yake ya kawaida. Shina lenye uso wa kukwaruza au lenye kola likisogea kiasi hichohicho ndani ya saruji, hilo limelegea. Ndiyo maana stika inahitajika hata kwa kusoma picha.

Kwenye nyonga isiyo na saruji, mfupa huota ndani ya chuma kama chuma kimetulia. Kikichezacheza kwa sehemu ndogo sana, chini ya maikroni 50 hivi (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), mfupa hushika. Kikicheza kufikia maikroni 150, badala ya mfupa huota nyama ngumu isiyoshika kitu, na mgonjwa hubaki na paja linalouma kila akianza kutembea. Shina la aina hii linaweza kushuka kidogo katika wiki za kwanza likatulia. Linaloendelea kushuka baada ya miezi mitatu halijashika. Maumivu madogo ya paja katika mwaka wa kwanza, yanayopungua mwezi kwa mwezi huku picha ikiwa haijabadilika, hufuatiliwa tu.

Sababu ya tatu ni maambukizi, na hii haina ruhusa ya kusahauliwa. Nyonga iliyolegea ndani ya miaka michache ya mwanzo ihesabiwe kuwa na vijidudu mpaka vipimo vikanushe. Uliza: je, kuna kipindi chochote baada ya upasuaji ambacho hapakuuma kabisa? Je, kidonda kilichelewa kukauka? Je, panauma hata usiku akiwa amelala? Pima damu kwa CRP na ESR, vipimo vinavyopanda mwili unapopambana na maambukizi au uvimbe. Zikiwa juu, bingwa atavuta maji ya kiungo kwa sindano na kuyaotesha maabara.

*Simama hapa.* Usinunue antibiotiki duka la dawa kwa ajili ya nyonga inayouma. Vidonge vya siku tano haviwezi kuua vijidudu vilivyojishika kwenye chuma, ila vinaweza kuvificha, na maji yakipelekwa maabara hayaoti kitu. Kwa kawaida mgonjwa huachishwa antibiotiki wiki mbili kabla ya kuvutwa maji, kwa maelekezo ya daktari. Lakini mwenye homa, baridi ya kutetemeka, au usaha unaotoka kwenye kovu asisubiri wiki hata moja. Aende hospitali siku hiyohiyo.

Dalili ya 2: Hakuna maumivu, lakini kichwa hakiko katikati ya kikombe

Huyu ni mgonjwa anayejisikia mzima na amekosa kliniki kwa miaka. Picha imepigwa kwa sababu nyingine kabisa.

Plastiki husagika. Kila hatua hutoa chembe, nyingi zikiwa ndogo kuliko maikroni moja. Seli za kinga huzimeza, zinashindwa kuzisaga, na katika kuhangaika nazo hutoa kemikali zinazoamsha seli zinazokula mfupa. Mfupa unaoshikilia kikombe au shina hutobokatoboka bila maumivu, mpaka siku unapovunjika au kikombe kinapong'oka.

Madaktari walichelewa kuelewa hili. John Charnley, aliyeanzisha nyonga bandia ya kisasa katika hospitali ya Wrightington, Uingereza, alianza na vikombe vya tefloni, vikalika haraka mno. Mwaka 1962 akahamia polietilini, na kichwa kidogo cha milimita 22. Miaka ya 1980 matundu yalipoonekana kwenye mifupa ya wagonjwa wengi, lawama ilitupiwa saruji, na ugonjwa ukaitwa kwa jina lake. Wengi wakaacha saruji. Matundu yakaendelea kuonekana hata kwenye nyonga zisizo na saruji, ndipo ikawa wazi kwamba mkosaji mkubwa alikuwa vumbi la plastiki.

Polietilini ya kizazi hicho hulika karibu milimita 0.1 kwa mwaka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuja plastiki iliyokazwa kwa mionzi, ambayo nyuzi zake zimefungwa pamoja zaidi, na hulika chini ya milimita 0.05 kwa mwaka. Tofauti inaonekana ndogo, lakini chini ya kiwango hicho matundu ya mfupa ni nadra, na juu ya 0.1 huwa ya kawaida.

Kupima kunawezekana kwa rula tu. Chukua mfano wa mama wa miaka 47 aliyewekewa nyonga miaka 14 iliyopita, kikombe cha chuma bila saruji, bitana ya plastiki ya zamani, kichwa cha milimita 28. Haumwi popote. Kwenye picha, kichwa kinapimika milimita 33.6. Gawanya kwa 28: picha imekuza mara 1.2. Sasa pima nafasi kati ya kichwa na kikombe. Upande wa juu, mwili unapoelemea, ni milimita 4.8, upande wa chini ulio mkabala ni 9.8. Siku ya upasuaji pande zote zilikuwa sawa, kwa hiyo kichwa kimesogea nusu ya tofauti yake: 9.8 toa 4.8 ni 5, nusu yake 2.5. Gawanya kwa 1.2, unapata karibu milimita 2.1. Kwa miaka 14, ni milimita 0.15 kwa mwaka. Plastiki iliyobaki juu ni milimita 4.0 kati ya 6.1 alizoanza nazo.

Hesabu hiyo yatosha kumpeleka kwa bingwa mwezi huohuo, ingawa anacheza ngoma harusini. Bingwa atatafuta matundu nyuma ya kikombe, na huenda akaomba CT, maana eksirei huyaonyesha madogo kuliko yalivyo. Kama kikombe bado kimeshika mfupa, anaweza kutoa bitana na kichwa tu, akajaza matundu kwa mfupa, akaweka bitana mpya iliyokazwa. Mama huyohuyo akisubiri mpaka aumwe, kikombe kitakuwa kimelegea na upasuaji utakuwa mkubwa mara kadhaa.

Ukikuta kasi ya kulika imepanda ghafla, fikiria kitu cha tatu kilichoingia kati ya nyuso mbili: chembe ya saruji, kipande cha waya, punje ya mfupa. Hukwaruza kichwa cha chuma, na kichwa chenye mikwaruzo hukwangua plastiki kila kikizunguka. Kichwa cha seramiki ni kigumu zaidi na hakikwaruziki kirahisi, na hii ni sababu moja ya kukipendelea kwa vijana.

*Simama hapa.* Mwenye tundu kubwa kwenye mfupa asibebe mizigo, asipande bodaboda wala kuruka mpaka bingwa aone picha. Akisikia maumivu ya ghafla ya paja na kushindwa kusimama, mfupa huenda umevunjika kuzunguka shina.

Dalili ya 3: Kiungo kinalia

Kwanza tenganisha milio. Mgongano laini wa "tak" miezi ya mwanzo, bila maumivu, kwa kawaida ni kichwa kuinuka kidogo na kurudi huku misuli ikiwa bado dhaifu. Mkwaruzo wa kano ikipita juu ya mfupa huusikia ukiweka kiganja pembeni ya nyonga.

Mlio mwembamba kama wa bawaba kavu hutokea hasa pale seramiki inapozunguka ndani ya seramiki. Sababu ya kawaida ni kichwa kuegemea ukingo wa kikombe, hasa kikombe kilichowekwa wima mno, ute unakosekana mahali pale na nyuso zinasuguana kavu. Andika ni mkao gani unaoleta mlio: kupanda ngazi, kuinama, kuchuchumaa. Bila maumivu na bila mabadiliko kwenye picha, hufuatiliwa.

*Simama hapa.* Ukisikia mlio wa kuvunjika, kisha maumivu na hisia ya mchanga kusagika ndani, usiikanyage tena. Chukua magongo, nenda hospitali. Seramiki za sasa, mchanganyiko wa alumina na zirkonia, huvunjika kwa nadra sana, ila zikivunjika vipande vyake ni vigumu kuliko chuma chochote. Ndiyo sababu kichwa cha chuma kisiwekwe badala yake, hata kama ndicho kilichopo stoo. Vipande vilivyobaki kwenye nyama vitakila na kumwaga vumbi la chuma mwilini. Kiungo husafishwa kwa kina na kuwekwa seramiki nyingine.

Dalili ya 4: Uvimbe kinenani au nyonga inayouma, na stika inasema chuma kwa chuma

Nyonga za chuma kwa chuma zilipendwa kwa vijana miaka ya 2000 kwa sababu hazina plastiki ya kulika. Kilichokuja ni kobalti na kromu ndani ya damu na nyama zinazokufa kuzunguka kiungo. Aina ya ASR iliondolewa sokoni duniani Agosti 2010. Ukiwa na nyonga ya aina hii, pimwa kila mwaka hata usipoumwa: damu kwa kobalti na kromu, na MRI iliyorekebishwa kwa ajili ya chuma. Uingereza ilitumia maikrogramu 7 kwa lita kama kiwango cha kuanza kuchunguza zaidi. Damu ichukuliwe kwenye chupa maalumu ya madini, na ya kwanza kupita kwenye sindano imwagwe, la sivyo sindano yenyewe itachafua jibu.

Dalili hizi zinaweza kumpata hata mwenye bitana ya plastiki, kama kichwa ni cha kobalti na kromu na kinalika pale kinapokaa juu ya shingo ya shina. Usikivu ukipungua, macho yakififia au moyo ukisumbua, mwambie daktari kwamba una nyonga ya chuma. Asiyeambiwa hawezi kuhusisha.

Dalili ya 5: Nyonga imeteguka

Mguu unafupika ghafla, mara nyingi umegeukia ndani, na mgonjwa hawezi kusimama. Nyumbani hakuna cha kufanya zaidi ya kumlaza, kutompa chakula wala kinywaji kwa sababu atahitaji ganzi au usingizi, na kumpeleka hospitali. Asivutwe mguu na yeyote mtaani. Kama hawezi kuinua kanyagio la mguu kuelekea usoni, mshipa wa fahamu umebanwa. Sema hivyo mlangoni ili asiwekwe foleni.

Kuteguka katika miezi mitatu ya kwanza hutokana zaidi na misuli kutokupona, mkao mbaya wa kukaa chini, au vipande kuwekwa kwa pembe isiyofaa. Kuteguka kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitano au zaidi ni habari nyingine: tazama plastiki, maana kikombe kilicholika hakishiki kichwa. Anayeteguka mara kwa mara anaweza kubadilishiwa kichwa kikubwa zaidi, milimita 32 au 36, au kuwekewa kikombe chenye mizunguko miwili kilichobuniwa Ufaransa miaka ya 1970, ambacho kichwa kidogo huzunguka ndani ya mpira wa plastiki na mpira nao ndani ya kikombe.

Chanzo kilichotangulia dalili: uchaguzi usioendana na umri

Nyingi ya dalili hizi zilipandwa siku ya kuchagua vifaa. Kwa mzee aliyepita miaka 75, hasa bibi mwenye mifupa iliyopungua, shina lenye saruji ndilo salama. Shina lisilo na saruji hupigiliwa kwa nguvu, na mfupa mwembamba hupasuka mezani au wiki chache baadaye. Rejesta za nyonga za nchi kadhaa zimeonyesha hivyo tena na tena. Saruji nayo ina bei yake: wakati inaposukumwa ndani, shinikizo la damu linaweza kushuka ghafla, kwa hiyo mtoa usingizi lazima ajulishwe sekunde hizo, na mwenye moyo dhaifu atayarishwe mapema.

Katikati, miaka 60 hadi 75, mabingwa wengi huchanganya: kikombe bila saruji, shina kwa saruji, kichwa cha chuma au seramiki juu ya plastiki iliyokazwa. Kwa umri huo sioni sababu ya kumtoza mgonjwa gharama ya seramiki kwa seramiki.

Kwa kijana hesabu inabadilika. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa 2017 ulikadiria kwamba mtu anayewekewa nyonga akiwa zaidi ya miaka 70 ana uwezekano wa karibu 5 kati ya 100 kurudiwa upasuaji maishani, na mwanamume wa mwanzoni mwa miaka ya 50 hufikia 35 kati ya 100. Aliye chini ya hapo ajiandae kwamba huenda nyonga hii si ya mwisho. Kikombe na shina visivyo na saruji, kichwa cha seramiki na plastiki iliyokazwa ndiyo njia yenye ushahidi mrefu, na humwachia bingwa wa baadaye nafasi ya kubadilisha bitana tu.

Kwetu Afrika Mashariki vijana hao wengi wana selimundu, na kichwa cha paja kimekufa kwa kukosa damu wakiwa na miaka ishirini au thelathini. Kwao umri pekee hauamui. Uwazi wa fupa la paja mara nyingi umezibwa na mfupa mgumu, saruji haipenyi vizuri, na kifaa cha kutoboa hukengeuka na kupasua ukuta wa mfupa. Bingwa hupitisha kwanza waya mwembamba, huhakikisha kwa eksirei mezani kwamba uko ndani, kisha hupanua taratibu juu ya waya huo na kuwa na mashina madogo tayari. Uliza mapema kama ukubwa huo upo. Uliza pia nani atasimamia damu, maji na oksijeni kabla na baada ya upasuaji, na kama kuna vidonda vya miguuni au meno yaliyooza, vitibiwe kwanza, kwa sababu wenye selimundu hupata maambukizi ya nyonga kwa urahisi kuliko wengine.